Riba ya kuponi na faida hadi kuiva: bei ya hatifungani inavyobadili mapato ya mnunuzi

Tangazo la mnada wa hatifungani za Serikali linalotolewa na Benki Kuu ya Tanzania hutaja muda wa hatifungani na riba yake ya kuponi. Wasomaji wengi huichukua riba hiyo kuwa ndiyo faida watakayoipata. Huwa hivyo endapo tu hatifungani imenunuliwa kwa thamani iliyoandikwa, yaani shilingi 100 kwa kila shilingi 100.

Riba ya kuponi hukokotolewa kwa thamani iliyoandikwa, wala haibadiliki hadi hatifungani itakapoiva. Chukulia hatifungani ya shilingi 1,000,000, ya miaka 5, yenye kuponi ya asilimia 12 kwa mwaka. Mwenye nayo hulipwa shilingi 60,000 kila baada ya miezi 6, na mwishoni hurejeshewa shilingi 1,000,000, bila kujali aliinunua kwa bei gani.

Mnunuzi aliyeipata kwa shilingi 92.9764 kwa kila 100 alitoa shilingi 929,764. Mbali na kuponi, siku ya kuiva ataongezewa shilingi 70,236 ambazo hakuzilipa. Ongezeko hilo likijumuishwa, faida yake hadi kuiva ni asilimia 14 kwa mwaka. Aliyelipa shilingi 107.7217 kwa kila 100 alitoa shilingi 1,077,217. Atapokea kuponi zilezile, lakini shilingi 77,217 hazitarudi, hivyo faida yake hushuka hadi asilimia 10.

Kosa la kawaida ni kugawa kuponi ya mwaka kwa bei ya ununuzi na kuishia hapo. Kwa mnunuzi wa pili, shilingi 120,000 zikigawanywa kwa 1,077,217 huleta asilimia 11.14, jibu linalopendeza kuliko hali yenyewe kwa kuwa limeisahau hasara ya mwishoni. Anayetaka makadirio ya haraka hugawa hasara hiyo kwa miaka 5, akapata takriban shilingi 15,443, akaitoa katika kuponi ya mwaka, kisha akagawa kinachobaki kwa wastani wa bei na thamani iliyoandikwa. Jibu ni asilimia 10.07, karibu kabisa na kiwango sahihi.

Hata hivyo, asilimia 14 au 10 hutimia kikamilifu pale tu kuponi zinapowekezwa tena kwa kiwango hichohicho na hatifungani kushikiliwa hadi iive. Anayetumia kuponi kulipia ada za shule atapata kila shilingi aliyoahidiwa, ila fedha zake hazitakua kwa kasi hiyo. Anayeiuza mapema katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hupokea bei ya siku hiyo, na bei hiyo hushuka pale hatifungani mpya zinapotoa faida kubwa zaidi.