Ile skrini ya "thibitisha ni wewe" ilitoka wapi?

Wasee, ushawahi kuandika namba yote ya kadi, halafu ikaja skrini ingine inataka kodi ya meseji? Meseji haiji, unafunga, unaenda zako. Mimi nimeacha makapu kibao hapo. Hiyo skrini ina historia, na haikuanza kwa sababu yako.

Mwaka 2001 Visa walileta Verified by Visa. Mfumo wa ndani unaitwa 3-D Secure: pande tatu, yaani benki yako, benki ya duka, na mtandao wa kadi unaoziunganisha. Maduka yalikubali kwa sababu ya hasara. Awali, kadi ya wizi ikitumika mtandaoni, duka ndilo lilikula hasara. Mnunuzi akithibitishwa kwa hii skrini, hasara kwa kawaida inahamia benki iliyotoa kadi.

Shida ni vile ilitengenezwa. Ilitokea ghafla, na ungeweza kukosa hata kuona anwani ya tovuti. Ilidai neno la siri uliloweka kitambo. Tulifundishwa kukimbia vitu kama hivyo! Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge, Steven Murdoch na Ross Anderson, waliikosoa waziwazi kwa kuzoesha watu tabia ambayo matapeli wanaipenda.

Sasa piga hesabu ya duka. Tuseme kiatu kinauzwa 2,000 na duka lilikinunua 1,600. Mwizi mmoja akipita, duka limepoteza 1,600. Mteja mwaminifu akiondoka, limekosa faida ya 400. Kwa hivyo skrini ikizuia mwizi mmoja lakini ifukuze wateja wanne, duka halijapata kitu. Ikifukuza watano, imekula hasara. Ndiyo maana maduka mengi hayakuiwasha pale ambapo hayakulazimishwa.

Mwaka 2016 EMVCo, shirika la kampuni za kadi, lilitoa toleo jipya. Hapa duka linatumia benki taarifa kimyakimya: simu gani, anwani gani, kiasi gani. Benki ikiridhika, unapita bila swali. Ikishuku, ndiyo unaulizwa.

Halafu sheria ikaingia. Ulaya, kuanzia 14 Septemba 2019, uthibitisho wa njia mbili ukawa lazima, ingawa malipo madogo ya chini ya euro 30 yanaweza kusamehewa. Maduka hayakuwa tayari, na Uingereza ilisogeza mwisho wake hadi Machi 2022.

Kama unauza vitu mtandaoni, usihesabu tu malipo yaliyofeli. Tenganisha matatu: benki imekataa, kodi imekosewa, na skrini imefunguka lakini hakuna jibu lililorudi. Hilo la tatu mara nyingi si mwizi. Ni mtu kama mimi, ameshika simu, anangoja meseji.