Sera kwa Msimbo: Kingo Zinazozuia Miundombinu Kabla Haijaundwa

Sera kwa msimbo ni utaratibu wa kuandika masharti ya taasisi kuhusu mifumo yake ya kompyuta katika lugha ambayo programu inaweza kuisoma na kuitekeleza. Kila ombi la kuunda seva, mtandao au hifadhi ya data hupimwa kwa masharti hayo, na lisilotimiza hukataliwa kabla kitu chenyewe hakijakuwapo. Hapo ndipo utaratibu huu unapoachana na ukaguzi wa kawaida, ambao hugundua seva iliyo wazi baada ya kuwashwa, pengine ikiwa tayari imekaa wiki nzima mbele ya wavamizi.

Istilahi hii hutafsiriwa pia "sera kama msimbo", lakini "kama" huleta maana ya mfanano, ilhali sera hapa haifanani na msimbo. Imeandikwa kwa msimbo. "Kwa" hutaja njia, na ndiyo maana inayotakiwa. Ugumu mwingine uko kwenye neno "sera", ambalo kwa wengi huashiria mwelekeo mpana wa serikali au chama. Katika fani hii sera ni sharti moja, finyu, linalojibika kwa ndiyo au hapana. Vizuizi vinavyotokana na sera hizo vinafaa kuitwa kingo, neno lilelile la kingo za daraja: hazimwelekezi dereva pa kwenda, ila humzuia asitumbukie mtoni.

Utaratibu huu usingewezekana kama miundombinu yenyewe isingeandikwa kwanza kwa msimbo. Terraform, chombo kilichotolewa na HashiCorp mwaka 2014, humruhusu mhandisi kueleza katika faili anachotaka kiwepo kwenye wingu. Kabla ya kugusa chochote, Terraform hulinganisha faili hizo na hali iliyopo, kisha hutoa mpango: hiki kitaundwa, kile kitabadilishwa, kile kitafutwa. Mpango huo ndio mahali pa kuweka kingo, kwa kuwa una undani wa kile kinachokusudiwa na bado hakuna kilichotendeka.

Chombo kinachotumika sana kupima mipango ya aina hiyo ni Open Policy Agent, kilichoanzishwa mwaka 2016 na kampuni ya Styra. Sera zake huandikwa kwa lugha iitwayo Rego. Conftest, programu ndogo iliyojengwa juu yake, huendesha sera hizo dhidi ya faili yoyote yenye mpangilio unaosomeka na mashine. Hatua za kazi nzima ni nne:

```
terraform plan -out=tfplan
terraform show -json tfplan > plan.json
conftest test plan.json
terraform apply tfplan
```

Amri ya tatu ikikuta ukiukwaji hurudisha ishara ya kushindwa, na mfumo unaoziendesha amri hizi moja baada ya nyingine husimama hapo. Amri ya nne ina jambo ambalo hupuuzwa mara nyingi: inatekeleza `tfplan` ileile iliyopimwa. Ikiandikwa `terraform apply` bila jina la faili, Terraform hutengeneza mpango mpya, na mpango huo mpya haujakaguliwa na yeyote.

Mfano unaofaa kuchambuliwa ni wa poti 22, inayotumiwa na SSH kuingilia seva kutoka mbali. Katika wingu la AWS, ruhusa ya kuingia kwenye poti hutolewa na kanuni za kundi la ulinzi, na anwani `0.0.0.0/0` maana yake ni dunia nzima. Sera ya kukataza mchanganyiko huo inaweza kuandikwa hivi:

```rego
package main

import rego.v1

deny contains msg if {
    some r in input.resource_changes
    r.type == "aws_vpc_security_group_ingress_rule"
    r.change.after.cidr_ipv4 == "0.0.0.0/0"
    r.change.after.from_port <= 22
    r.change.after.to_port >= 22
    msg := sprintf("%s: poti 22 iko wazi kwa wote", [r.address])
}
```

Mistari iliyo ndani ya mabano husomwa kama masharti yanayopaswa kutimia yote kwa pamoja. Yakitimia, ujumbe huzaliwa na mpango hukataliwa. Poti zinapimwa kwa ulinganisho, si kwa usawa, kwa sababu anayefungua poti 0 hadi 65535 amefungua na 22 ndani yake.

Sera hii inaonekana kamili, na kwa mpango wa kawaida itafanya kazi. Hata hivyo inaruhusu kosa kubwa kuliko lile inalozuia. Mhandisi akiandika itifaki `-1`, yaani itifaki zote na poti zote, hatakiwi kutaja poti ya mwanzo wala ya mwisho. Katika mpango sehemu hizo huwa tupu, ulinganisho wa `to_port` na 22 hautimii, na ujumbe wa kukataa hauzaliwi. Kundi la ulinzi lililo wazi kabisa hupita bila neno.

Hiyo ndiyo tabia ya Rego inayowanasa wageni wengi. Sharti linalogusa kitu kisichokuwepo halitoi kosa. Linanyamaza tu, na kunyamaza kwa kanuni ya kukataa ni sawa na kuruhusu. Jina la sehemu likikosewa herufi moja, sera haitamkataa mtu yeyote kamwe, na timu itafurahia matokeo ya kijani miezi mingi. Hali hujirudia pale thamani isipojulikana wakati wa kupanga, kwa mfano anwani inayotokana na kitu kingine ambacho hakijaundwa. Terraform huiondoa thamani hiyo kwenye `after` na kuitaja ndani ya `after_unknown`. Sera makini huangalia huko pia, na hukataa kisichojulikana badala ya kukidhania ni salama.

Njia ya kuligundua tatizo hili ni kuipa kila sera mipango mibovu ya makusudi na kuhakikisha inakataliwa: mmoja wenye poti 22, mmoja wenye itifaki zote, mmoja wa anwani za IPv6 ambako dunia nzima huandikwa `::/0`. Amri `opa test` ipo kwa kazi hiyo. Sera ambayo haijawahi kuonekana ikikataa kitu haipaswi kuhesabiwa kuwa inafanya kazi. Inafaa pia kukumbuka kwamba Terraform ina njia zaidi ya moja ya kuandika kanuni ileile. `aws_security_group` na `aws_security_group_rule` ni njia nyingine mbili, na sera iliyo hapo juu haizioni.

Ukali wa kingo nao hupangwa. Sentinel, chombo cha HashiCorp, kina ngazi tatu: ya kwanza huonya na kuachia kazi iendelee, ya pili hukataa lakini mwenye mamlaka anaweza kuidhinisha, na ya tatu hukataa bila njia ya kuikwepa. Ni busara sera mpya ianzie ngazi ya onyo, ili ijulikane ingewazuia akina nani kihalali na akina nani kimakosa, ndipo ikazwe.

Yote hayo hulinda njia moja tu. Mwenye ruhusa ya kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa AWS anaweza kuifungua poti 22 kwa kubofya, na Conftest haitajua. Kwa hiyo taasisi huweka kingo za pili kwenye wingu lenyewe, kwa sera za shirika zinazofahamika kwa kifupi SCP, ambazo hupima kila ombi bila kujali limetoka kwenye Terraform au kwenye kivinjari. Hizo zinafaa kwa masharti mapana, kama kukataza matumizi ya kanda fulani za kijiografia au kuzuia mtu asizime kumbukumbu za matukio, lakini hazisomi mpango wala kueleza kosa kwa undani ule ule. Tena hazigusi akaunti kuu ya usimamizi ya shirika, ndiyo maana akaunti hiyo haiwekewi seva wala mifumo ya kazi ya kila siku.