Mzunguko wa Pato, Si Mzunguko wa Fedha

Malipo ya korosho yakichelewa, Mtwara nzima husema neno moja: hela haizunguki. Mwenye duka la mabati hulisema, dereva wa bodaboda hulisema, na mama anayekaanga mihogo stendi hulisema. Wamesema kweli. Lakini vitabu vya uchumi vina mchoro wa kaya, wazalishaji, serikali na nchi za nje, mishale ikitoka huku na kuingia kule, na wengi wetu tumezoea kuuita mchoro ule mzunguko wa fedha. Hapo ndipo nisipokubali. Kinachozunguka katika mchoro ule ni pato.

Chukua pikipiki kuukuu. Inauzwa kwa 1,500,000 leo, mwezi ujao inauzwa tena, na tena, na tena, kwa bei ileile. Shilingi milioni sita zimepita mikononi mwa watu, noti zimezunguka kwelikweli, ila hakuna kilichotengenezwa. Pato pekee lililozaliwa hapo ni la dalali, kwa kuwa yeye alifanya kazi ya kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi. Pato ni malipo ya kitu kilichozalishwa au huduma iliyotolewa katika kipindi kinachopimwa: ujira wa kibarua, kodi ya nyumba, riba ya mkopo, faida ya mwenye mali. Kaya hupokea malipo hayo kwa wazalishaji, kisha huyarudisha kwao zinaponunua bidhaa. Huo ndio mzunguko wenyewe.

Wapo wanaosema mzunguko wa mapato, na kisarufi hawajakosea. Tatizo ni kwamba neno mapato limeshapewa kazi nyingine nyingi. Mamlaka ya Mapato Tanzania hukusanya kodi. Halmashauri nayo ina mapato yake ya ndani. Muuza duka akifunga jioni huhesabu mapato ya siku, yaani mauzo yote, pamoja na fedha atakayomlipa aliyemkopesha mchele. Msomaji akikutana na mzunguko wa mapato gazetini, atadhani ni habari ya makusanyo ya serikali. Pato, kwa umoja wake, tayari limo katika Pato la Taifa, na ndilo lilelile linalopimwa hapa. Kwa hiyo nachagua mzunguko wa pato.

Neno la pili linalopotosha katika mchoro ule ni makampuni. Mkulima wa Newala mwenye mikorosho mia moja hana kampuni, lakini anapopulizia mikorosho salfa yeye ni mzalishaji, na anaponunua sukari yeye ni kaya. Mtu ni yuleyule. Mchoro haugawi watu, unagawa kazi wanazofanya. Ndiyo maana nasema wazalishaji.

Mwaka 1949 Bill Phillips, mhandisi kutoka New Zealand aliyegeukia uchumi, alionyesha London mashine aliyoiunda kwa matangi na mabomba ya plastiki. Maji ya rangi yalipanda na kushuka ndani yake yakiwakilisha pato la nchi. Bomba moja lilichepusha kodi, jingine akiba, jingine malipo ya bidhaa kutoka nje. Na upande wa pili maji yaliingia tena kwa njia ya uwekezaji, matumizi ya serikali na mauzo ya nje. Ukitazama mashine hiyo unaelewa tofauti ya maji yaliyotuama tangini na maji yanayopita bombani. Fedha iliyopo nchini ni ya kutuama: unaweza kuihesabu leo saa sita mchana. Pato ni la kupita: halihesabiki mpaka useme ni la mwezi au la mwaka.

Sasa turudi kwenye korosho. Tuseme mkulima ameuza kilo elfu moja kupitia chama chake cha msingi kwa stakabadhi ghalani. Mnada umefanyika, mnunuzi ni wa India, na baada ya makato yote kwenye akaunti ya mkulima zimeingia 3,000,000. Fedha hii imetoka nje ya nchi na kuingia katika mzunguko. Tuseme pia kwamba yeye, na kila atakayepokea baada yake, katika kila shilingi mia hutumia arobaini kwa vitu na huduma za hapahapa. Kwa mkulima ni 1,200,000: anamlipa fundi wa nyumba, anamlipa kibarua wa palizi, ananunua muhogo na samaki. Hao nao wanatumia 480,000, na wanaozipokea wanatumia 192,000. Kila mkono unapokea kidogo kuliko uliotangulia, na ukijumlisha mpaka mwisho unapata pato la shilingi milioni tano, lililoanzia kwenye milioni tatu.

Zile sitini zimekwenda wapi? Nyingine ni kodi. Nyingine zimo kwenye kibubu chini ya kitanda. Na sehemu kubwa imerudi nje: salfa imeagizwa, petroli imeagizwa, na ile pikipiki mpya aina ya Boxer aliyoinunua mwanawe imetoka India, kulekule ilikokwenda korosho. Vitabu huita haya yote uvujaji, na nalikubali neno kwa shingo upande. Paa likivuja, maji yamepotea. Kodi haijapotea kama serikali itamlipa mwalimu wa Tandahimba, na akiba haijapotea kama imewekwa benki na benki ikamkopesha mwenye mashine ya kubangua. Ya kwenye kibubu ndiyo iliyokauka, angalau mpaka siku kibubu kitakapovunjwa. Mimi ningesema mchepuo, kwa sababu maji yaliyochepushwa yana njia ya kurudi mferejini. Kubangua korosho hapahapa badala ya kuisafirisha ghafi kunapanua mfereji wenyewe: ujira wa kubangua unazaliwa Mtwara badala ya kuzaliwa ng'ambo. Na wapokeaji wakiweza kutumia hamsini hapahapa badala ya arobaini, milioni tatu zilezile zinazaa milioni sita.

Msimu wa 2018 ulionyesha tofauti ya pato na fedha vizuri kuliko mchoro wowote. Wakulima walikataa bei za mnada, na mwezi Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Mnunuzi wa nje akawa amekaa pembeni, serikali ikakaa mahali pake. Kisha ukaja uhakiki wa kutenganisha mkulima na mfanyabiashara wa kangomba, yule anayenunua kwa kificho kutoka kwa wenye shida kabla ya mnada, na malipo yakasogea wiki baada ya wiki.

Kwa hesabu za taifa, korosho ile ilikuwa imeshazalishwa. Iliyolala ghalani huandikwa kama nyongeza ya akiba ya bidhaa, na nyongeza hiyo huhesabiwa upande wa uwekezaji. Pato lake ni la mwaka iliyovunwa, iwe imelipwa au haijalipwa. Pikipiki iliyouzwa mara nne ilikuwa na fedha bila pato, ukiacha la dalali. Mkulima aliyeshika stakabadhi alikuwa na pato bila fedha, na kwa karatasi ile hakuweza kumlipa kibarua wala kununua kilo ya sukari. Aliposema hela haizunguki alikuwa sahihi kabisa, na mtakwimu aliyeihesabu korosho ile kuwa pato naye alikuwa sahihi. Walikuwa wanazungumzia vitu viwili, na kila kimoja kinastahili jina lake.