Insha ya Kifaransa ya maneno 150: namna ya kugawa dakika 45

Mtahiniwa wa Kifaransa anayeishia njiani mara nyingi hana upungufu wa msamiati. Ameanza kuandika bila mpango, akatumia maneno 100 kwenye sehemu ya kwanza ya swali, kisha msimamizi akatangaza zimebaki dakika tano. Hapa tunaeleza namna ya kuligawa swali la maneno kama 150 kwa dakika 45. Mtihani wa DELF ngazi ya B1, ambao hapa nchini hufanyika kupitia Alliance Française ya Dar es Salaam, unakaribia hapo: dakika 45, maneno yasiyopungua 160.

Tuchukue swali hili. Umesafiri kwa treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mwandikie rafiki yako wa Bujumbura, msimulie safari, mwambie ulichopenda na usichopenda, kisha mshauri namna ya kujiandaa akija.

Dakika tano za kwanza ni za kusoma tu. Pigia mstari vitenzi vinavyokuamuru: simulia, toa maoni, shauri. Ni madai matatu, na kila moja lina alama zake. Ukiacha ushauri, huwezi kuzifidia alama hizo kwa kurefusha simulizi.

Dakika nane zinazofuata ni za mpango. Gawa maneno kwanza: salamu 15, simulizi 60, maoni 45, ushauri 20, kuaga 10. Jumla ni 150. Kwa DELF, ongeza sentensi moja au mbili kwenye maoni. Sentensi ya kawaida ya mwanafunzi ina maneno kama kumi, kwa hiyo simulizi ni sentensi sita tu. Kando ya kila sehemu andika maneno machache ya Kifaransa, si sentensi: *départ, foule, paysage, arrivée*.

Usiandike kwanza kwa Kiswahili ukatafsiri. Muda hautatosha, na tafsiri itakutega. Kwa Kiswahili tunapanda treni, lakini Mfaransa huchukua treni: *nous avons pris le train*. Sisi tunasikia baridi, yeye ana baridi: *j'ai froid*. Mtego mkubwa zaidi ni saa. Treni iliyoondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa Kifaransa imeondoka *à six heures*. Ukiandika *douze heures*, umeihamishia saa sita mchana.

Sasa andika kwa dakika 22, yaani kama maneno saba kwa dakika. Simulizi inaweza kuanza hivi: *Le train est parti à six heures. Il y avait beaucoup de monde, mais tout était propre.* Tayari ni maneno 17. Katika DELF neno ni chochote kilicho kati ya nafasi mbili, hivyo *j'ai* ni neno moja, na *aujourd'hui* pia ni moja.

Usihesabu neno moja moja mpaka mwisho. Hesabu mistari mitatu ya kwanza utafute wastani. Kama mwandiko wako unaingiza maneno manane kwa mstari, 150 yatafika karibu na mstari wa 19. Weka alama ndogo ya penseli hapo. Ukifika mstari wa 11 bado unasimulia, umepitiliza: funga simulizi kwa sentensi moja uhamie kwenye maoni.

Simu haziingii chumba cha mtihani, kwa hiyo tegemea saa ya mkononi au ya ukutani. Mtihani ukianza saa 3:00 asubuhi, andika juu ya karatasi ya rasimu: mpango mwisho 3:13, kuandika mwisho 3:35. Ikifika 3:30 hujagusa ushauri, ruka kilichobaki cha maoni, andika sentensi mbili za ushauri na uage.

Dakika kumi za mwisho ni za kusahihisha, na usitafute makosa yote kwa pamoja. Pita mara ya kwanza ukitazama vitenzi tu: *partir* na *arriver* huenda na *être*, hivyo ni *nous sommes arrivés*, si *nous avons arrivé*. Pita mara ya pili ukitazama jinsia. Hapa sisi Waswahili tunakwama, maana "alisema" kwetu ni mwanamume au mwanamke. Tumeona dada anaanza kama *ma sœur*, na sentensi inayofuata amegeuka *il*. Weka kidole kwenye kila *il* na *elle*, jiulize ni nani. Mara ya tatu tazama *à le*, ambayo lazima iwe *au*, na *de le*, ambayo lazima iwe *du*.

Ukijipima nyumbani, andika kwa kalamu kwenye karatasi yenye mistari. Kasi ya kidole kwenye simu haitakuambia mkono wako unahitaji dakika ngapi.