Msamaha wa ushuru kwa mkazi anayerejea (Mombasa)

Msamaha wa ushuru kwa mkazi anayerejea ni nafuu anayopewa mtu anayehama ughaibuni na kurudi kuishi nyumbani, ili aingize vyombo vyake vya nyumbani na gari moja bila kutozwa ushuru wa forodha. Msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, Sehemu B. Nchini Kenya barua ya maombi huelekezwa kwa Kamishna wa Forodha na Udhibiti wa Mipaka.

Mwombaji awe ametimiza miaka 18, awe ameishi nje angalau miaka 2, na katika muda huo awe hajakaa Kenya zaidi ya siku 90 kwa jumla. Siku hizo huhesabiwa kwa mihuri ya pasipoti, kwa hiyo likizo ndefu za Desemba zimewaponza wengi. Mizigo nayo ifike ndani ya siku 90 tangu mwenyewe aingie nchini. Kamishna anaweza kuongeza muda, usizidi siku 360.

Gari ndilo huzua mabishano. Lazima mwombaji awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa miezi 12, bila kuhesabu safari ya meli. Tuseme muuguzi amenunua gari Uingereza tarehe 10 Machi 2023, akalikabidhi bandarini Southampton tarehe 24 Februari 2024, likashushwa Mombasa tarehe 6 Aprili. Kwa hesabu yake amelimiliki miezi 12 na ushei. Kwa hesabu ya forodha, matumizi yalikoma siku alipolikabidhi: amepungukiwa wiki mbili, na gari litalipiwa ushuru. Makochi, friji na vitabu vyake bado vinastahili msamaha, maana hupimwa kwa sharti lao: kwamba alivitumia huko alikotoka. Ndiyo maana barua nzuri hulitenga ombi la gari na la vyombo.

Barua yenyewe haihitaji kulalama. Hutaja tarehe ya kuhama na ya kuwasili, nambari ya hati ya shehena na ya chesisi, kisha huambatanishwa nakala za pasipoti, usajili wa gari, uthibitisho wa kuacha kazi au nyumba, na orodha ya vyombo. Tarehe mbili zikipingana, faili hukwama hapo.

Msamaha hauondoi masharti mengine. Gari lililosajiliwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 8 iliyopita halikubaliwi Kenya, hata kama ushuru umesamehewa. Vilevile ada za kuhifadhi mzigo bandarini na za kuchelewesha kontena hazimo katika msamaha huu. Huendelea kupanda wakati barua ikisubiri jibu. Kwa hiyo mawakala wenye uzoefu hupeleka maombi meli ikiwa bado baharini.

Gari lililosamehewa likiuzwa baadaye kwa mtu asiyestahili nafuu hiyo, ushuru wake hudaiwa.