Bei ya akaunti feki

Mwaka 1997 kampuni ya Google ilikuwa haijaanzishwa, na watu wengi waliotafuta habari kwenye intaneti walitumia AltaVista. Mtambo huo ulikuwa na huduma moja ya bure isiyozungumzwa sana: mwenye tovuti alijaza fomu fupi, akaandika anwani ya ukurasa wake, nao ukaingizwa kwenye orodha. Wajanja hawakuchelewa. Waliandika programu za kuijaza fomu hiyo mfululizo, kwa maelfu ya anwani, ili kurasa zao zijazane kwenye majibu na kuwasukuma wengine chini.

Andrei Broder na wenzake, waliokuwa watafiti wa kampuni ya Digital huko Palo Alto, California, walitaka swali ambalo mtu analijibu kwa kutupia jicho tu lakini programu inakwama. Jibu walilipata kwenye kitabu cha maelekezo ya skana ya Brother. Kitabu kilieleza namna ya kuisaidia mashine isome maandishi bila makosa: herufi ziwe za aina moja, mandharinyuma yawe safi, karatasi isikae upande. Wao wakageuza kila sharti. Wakachanganya aina za herufi, wakachafua mandharinyuma na kuipinda mistari, kisha wakamtaka mwombaji aandike anachokiona. Kwa maelezo ya Broder mwenyewe, maombi ya takataka yalipungua kwa zaidi ya asilimia 95.

Wengine walidhani kuhesabu kunatosha. Novemba 1999 tovuti ya Slashdot iliwauliza wasomaji wake ni chuo gani cha Marekani kinachofundisha vizuri zaidi sayansi ya kompyuta katika ngazi za juu. Ili mtu asipige kura mara mbili, tovuti ilirekodi anwani ya IP ya kila mpiga kura. Wanafunzi wa Carnegie Mellon waliukwepa ulinzi huo na kuandika programu ya kupiga kura kwa niaba yao. Siku iliyofuata wa MIT wakaandika ya kwao. MIT ilimaliza na kura 21,156 na Carnegie Mellon 21,032, na hakuna chuo kingine kilichofikisha 1,000.

Kasoro ya kuhesabu kwa IP haijatoweka, na kwetu inauma kwa namna nyingine. Ukiingia intaneti kwa bando la simu ukiwa Mwanza au Kisumu, aghalabu anwani inayoonekana nje unaichangia na wateja wengine wengi wa mtandao wako wa simu. Mhandisi wa ng'ambo akiandika kwamba IP moja isifungue akaunti zaidi ya tano kwa siku, sheria hiyo humzuia kwa shida sana mhalifu mwenye anwani nyingi za kukodi, ila mtaa mzima wa wateja halali hujikuta nje.

Mwaka 2000 Yahoo ililipeleka tatizo lake Carnegie Mellon. Barua pepe zake zilikuwa za bure, na programu zilikuwa zikifungua maelfu ya akaunti kwa dakika ili zitumike kurusha matangazo. Profesa Manuel Blum na mwanafunzi wake Luis von Ahn, pamoja na Nicholas Hopper na John Langford, walitengeneza mitihani ya picha ambayo ndiyo ilipewa jina la kapcha. Toleo jepesi ambalo Yahoo ililitumia liliitwa EZ-Gimpy: neno moja la Kiingereza, limepindwapindwa na kuwekwa juu ya mandharinyuma yenye vurugu.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye hilo neno. Lilitoka kwenye orodha fupi, kwa hiyo programu haikulazimika kusoma kila herufi. Ilitosha ibahatishe herufi chache, kisha itafute ni neno gani la orodha linaloshabihiana na umbo lililobaki. Mwaka 2003 Greg Mori na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya hivyo na kulipata neno sahihi kwa asilimia 92 ya picha. Watengenezaji wakaachana na maneno ya kamusi na kuzibananisha herufi zishikane, kwa kuwa mashine ilikuwa hodari kuitambua herufi iliyosimama peke yake kuliko kujua inaanzia wapi na kuishia wapi.

Lakini kulikuwa na njia ya mkato isiyohitaji programu yoyote ya kusoma. Picha ilitumwa kwa kibarua, kibarua akaisoma, jibu likarudi kabla muda wa ukurasa haujaisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walioichunguza biashara hiyo mwaka 2010 walikuta picha 1,000 zikisomwa kwa dola 1 hivi, na kibarua akiambulia nusu dola hivi tu. Kapcha ikawa imepangiwa bei, na bei yenyewe ilikuwa sehemu ya kumi ya senti kwa akaunti. Mtu anayepata faida hata ya senti moja kwa kila akaunti feki anaulipa mlango huo bila kunung'unika.

Ndipo kampuni zikahamia kwenye namba ya simu. Laini hununuliwa, na katika nchi nyingi husajiliwa kwa jina. Tanzania ilianza usajili wa alama za vidole mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020. Akaunti feki iliyothibitishwa kwa simu ikawa ghali kuliko ile iliyopita kwenye kapcha pekee.

Ila meseji yenye namba ya uthibitisho nayo ni huduma ya bure. Ni bure kwa anayeiomba, si kwa anayeituma. Kampuni humlipa msambazaji wa meseji, na sehemu ya malipo hufika kwenye mtandao unaozipokea. Njiani kukiwa na asiye mwaminifu, hupatana na mhalifu: wewe omba namba za uthibitisho, tutagawana. Mhalifu hana haja na akaunti yenyewe.

Tuseme kampuni hutuma namba 200 kwa saa kwenda nchi fulani, na wateja hurudisha 160 kati ya hizo. Usiku mmoja maombi yanafika 9,000 kwa saa, na zinazorudishwa ni 12. Kila meseji ikiwa shilingi 150, saa hiyo imekula shilingi 1,350,000. Kinachomfumbua macho mhandisi si wingi wa maombi, maana hata tangazo zuri la redio huleta wingi. Ni kwamba namba hazirudi, na simu zinazoombewa zinafuatana: 4001, 4002, 4003.

Kinga inayotumika sana huitwa ndoo ya tokeni. Kila ombi huchota tokeni moja, ndoo hujazwa polepole, na ikikauka ombi hukataliwa. Wengi humwekea kila mteja ndoo yake, kwa mfano tokeni 3 na nyongeza ya moja kila dakika 10. Katika tukio letu ndoo hiyo haimkamati yeyote, kwa sababu kila simu imeombewa mara moja tu. Ndoo iwekwe kwa fungu la namba 10,000 zenye mwanzo mmoja: tokeni 20, na nyongeza ya moja kila dakika 5. Maombi yote 9,000 yakitoka kwenye fungu moja, saa ya kwanza zitatoka meseji 32, yaani shilingi 4,800. Mteja halali wa fungu hilo atasubiri pamoja na wezi, na mwizi aliyesambaza maombi yake kwenye mafungu mia ataendelea kuchota, taratibu zaidi.

Februari 2023 Twitter ilitangaza kuwa asiyelipia huduma yake hatapata tena ulinzi wa akaunti kwa meseji kuanzia Machi 20. Elon Musk alidai kampuni ilikuwa ikipoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa meseji za utapeli. Wasiolipa waliambiwa watumie programu ya simu inayozalisha namba hizo yenyewe, au wanunue ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta.