Anjina: Kwa nini kifua hubana mtu akijitahidi na kutulia akipumzika

Maumivu ya kifua yanayomjia mtu anapopanda ngazi, kisha yakaondoka dakika chache baada ya kusimama, yana jina lake katika utabibu: anjina. Tabibu Mwingereza William Heberden aliyaeleza maradhi haya mjini London mwaka 1768, na tangu wakati huo alitambua kwamba humkamata mgonjwa akiwa anatembea, hasa akipanda mlima au baada ya kula, na kwamba hupoa akisimama. Sababu yake ni hesabu ya mambo mawili: oksijeni inayohitajiwa na moyo, na oksijeni inayoufikia.

Moyo hauna akiba

Moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote huhitaji oksijeni ili ufanye kazi. Damu inayopita ndani ya vyumba vyake haiulishi msuli huo kwa kiasi cha kutosha. Unalishwa na mishipa maalumu, ateri za moyo, inayochipuka kwenye mshipa mkuu na kuuzunguka moyo kwa nje kabla ya kuingia ndani ya nyama yake.

Misuli ya mguu iliyopumzika huchukua takriban robo tu ya oksijeni iliyomo katika damu inayoipitia. Kazi ikiongezeka, inaweza kuchukua sehemu kubwa zaidi kutoka katika damu ile ile. Moyo hauna nafasi hiyo. Hata mtu akiwa amelala, moyo wake huchukua takriban asilimia 70 au zaidi ya oksijeni inayoletwa. Kwa hiyo kazi ya moyo ikiongezeka, njia kubwa iliyobaki ni moja: damu nyingi zaidi ipite katika ateri zake. Kwa mtu mzima mwenye afya, damu hiyo ni karibu robo lita kwa dakika wakati wa mapumziko, na inaweza kuongezeka mara nne hivi anapojitahidi sana.

Jitihada hubana pande zote mbili

Mahitaji ya moyo hupandishwa na mambo matatu: idadi ya mapigo kwa dakika, nguvu ya kila pigo, na shinikizo la damu ambalo moyo hulazimika kulishinda. Mtu anapopanda ngazi, yote matatu hupanda kwa pamoja. Madaktari hukadiria mzigo huo kwa kuzidisha mapigo kwa shinikizo la juu. Mapigo 70 na shinikizo 130 hutoa 9,100; mapigo 120 na shinikizo 170 hutoa 20,400, yaani zaidi ya maradufu.

Wakati huo huo, upande wa ugavi hubanwa. Sehemu ya kushoto ya moyo, iliyo na msuli mnene kuliko zote, hupokea damu yake nyingi wakati moyo umelegea, kwa kuwa ukikaza huiminya mishipa iliyomo ndani yake. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika hulegea kwa takriban sekunde 40 katika kila dakika. Mapigo yakifika 120, muda huo hupungua na kukaribia nusu dakika. Moyo hudai zaidi, huku muda wa kupokea ukipungua.

Mtu mwenye ateri nzima hatambui lolote, kwa sababu ateri hutanuka na damu hupita kwa wingi. Tatizo huanza pale mafuta yanapojijenga katika ukuta wa ateri kwa miaka mingi na kuipunguza njia. Mishipa midogo iliyo mbele ya sehemu iliyobanwa hutanuka ili kufidia, na wakati wa mapumziko damu huendelea kutosha. Lakini mishipa ambayo imekwisha kutanuka haina nafasi ya kutanuka zaidi kazi inapoongezeka. Ndiyo maana njia iliyopungua kwa asilimia 70 ya upana wake inaweza isionyeshe dalili yoyote kitini, ikajitokeza kwenye ngazi. Na ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo kinachofanywa mgonjwa akiwa amelala kinaweza kuonekana kizuri, kikabadilika anapotembezwa kwenye mashine.

Mfano wa ghorofa ya tatu

Chukua mfano wa mzee wa miaka 58 anayeishi ghorofa ya tatu mjini Dar es Salaam. Tuseme ateri yake moja imebanwa, na haiwezi kupitisha zaidi ya mililita 150 kwa dakika. Sehemu ya moyo inayolishwa na ateri hiyo huhitaji mililita 80 akiwa amekaa, na 120 akitembea polepole barabarani. Hana maumivu. Akipanda ngazi, mahitaji hufika 110 katika ghorofa ya kwanza na 140 katika ya pili. Akielekea ya tatu hufika 170, na hapo pana pengo la mililita 20.

Msuli uliopungukiwa oksijeni hulimbikiza kemikali zinazochokoza neva za moyo. Neva hizo huingia katika uti wa mgongo mahali pamoja na zile za kifua na mkono wa kushoto, na ubongo hushindwa kutofautisha. Mzee huhisi uzito kifuani, pengine ukielekea mkononi au kwenye taya. Akisimama, mapigo na shinikizo hushuka, mahitaji hurudi chini ya 150, na baada ya dakika chache maumivu hutoweka. Ateri haijafunguka; ni mahitaji yaliyopungua.

Mfano huo hueleza pia kwa nini siku hazifanani. Akibeba gunia la mchele, atakamatwa ghorofa ya pili. Akienda kumtembelea mwanawe Uingereza wakati wa baridi, shinikizo litapanda, na huenda akaumwa hata barabarani. Akipata upungufu wa damu, kwa malaria au safura, kila mililita itabeba oksijeni kidogo zaidi, na kikomo chake kitashuka bila ateri kubanwa zaidi.

Dawa nazo hufuata hesabu hiyo. Zile zinazopunguza kasi ya mapigo hushusha mahitaji na kurefusha muda wa kulegea. Nitroglisirini inayowekwa chini ya ulimi hulegeza mishipa inayorudisha damu moyoni, hivyo moyo hujaa kidogo na hufanya kazi nyepesi. Hutanua pia ateri za moyo. Mgonjwa hutakiwa kukaa anapoitumia, kwa kuwa shinikizo hushuka, na haichanganywi na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili.

Hesabu inapovunjika

Si kila maumivu hufuata kanuni hii. Wenye kisukari wanaweza kuhisi pumzi kukatika tu, bila maumivu, na baadhi ya wanawake huhisi uchovu au kichefuchefu. Wapo pia ambao ateri zao hujikaza zenyewe, mara nyingi usiku, bila jitihada yoyote.

La hatari zaidi ni maumivu yanayobadili tabia: yanayokuja kwa jitihada ndogo kuliko zamani, yanayotokea mtu akiwa amepumzika, au yasiyotulia baada ya dakika chache za kukaa na dawa. Hapo si mahitaji yaliyopanda, bali ugavi ulioanguka. Mara nyingi mafuta yaliyo katika ukuta wa ateri yamepasuka na damu imeganda juu yake. Mapumziko hayawezi kuliondoa donge hilo, na kila dakika sehemu ya msuli inaweza kufa. Mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kungoja hadi asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.